Slaidi Sita za Malaria

Tuliondoka Thika kabla jua halijatoka. Nilikuwa juu ya lori, nimekaa kwenye magodoro, mgongo nimeuegemeza kwenye mashine ya kuchanganya zege. Kabini ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Mkandarasi aliyeniajiri, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa alinizidi miaka kumi tu, aliniita mara mbili nishuke nikae naye. Nilikataa. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikisafiri hivyo, juu ya mizigo ya watu wengine, na sijui raha inayozidi ile ya kuona barabara ikibaki nyuma.

Siku ya kwanza tulifika Garissa usiku, tukalala chini ya lori. Siku ya pili springi ilivunjika karibu na Bura, tukakaa pale hadi kesho yake mchana, dereva akilala chini ya gari na Mzee akitembea huku na huku na simu isiyoshika mtandao. Toka Garissa mto ulikuwa upande wetu wa kushoto njia nzima lakini hatukuuona. Tuliona mstari wa miti ya kijani tu, mbali, na huku kwetu vichaka vya miiba, vumbi na ng'ombe. Tulipita Hola bila kusimama. Siku ya tatu jioni tuliingia Garsen, nikashuka juu ya lori nikiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Mwanamke aliyekuwa akiuza chapati kando ya barabara akanitazama akasema, "Huyu amechimbwa wapi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Nilipapenda mahali hapo tangu dakika ile, na hilo ndilo linalonisumbua ninapoandika haya.

Kazi yetu ilikuwa kujenga wodi ya akina mama kujifungulia, kwenye zahanati moja nje ya mji. Wafadhili walikuwa wametoa pesa, na mshauri wao, injinia kutoka Mombasa, alikuwa amechora ramani. Mzee alishinda tenda. Mimi nilikuwa msimamizi wake wa saiti, kazi niliyoifikia kwa kupanda ngazi moja moja, kuanzia kubeba mawe.

Ilikuwa Februari, kiangazi kikali. Udongo wa pale ni mweusi, na kiangazi hupasuka mpaka unaweza kuingiza mkono hadi kiwiko. Ramani ilisema msingi ushuke mita moja na nusu, upite udongo mweusi wote. Tulianzia pembe ya mashariki. Siku mbili vijana walipiga sururu kwenye pembe hiyo, na sururu mbili zikavunjika mipini. Kufikia mita moja na nusu tulikuwa tumechoka kabisa. Pande nyingine zilizobaki, tulipofika kama mita moja, chuma kilikuwa kikigonga chini na kurudi kikilia.

Mimi nimekulia kwenye udongo mwekundu wa milimani. Kwetu, sururu ikilia hivyo umefika kwenye mwamba, na ukifika kwenye mwamba unaacha kuchimba. Nikawaambia wasimame.

Miongoni mwa wachimbaji kulikuwa na mkulima mmoja wa makamo kutoka Kulesa. Alikuja kufanya kibarua kwa sababu shamba lake la kando ya mto lilikuwa halina maji mwaka huo. Aliinama, akachukua bonge la ule udongo mgumu, akalitemea mate na kulisugua kwa kidole gumba. Likawa tope.

"Fundi, huu si mwamba," akasema. "Huu ni udongo tu. Umekauka."

"Umekauka mpaka umekuwa mwamba."

"Haya. Mvua ikija utauliza." Akatoka mtaroni, akaweka sururu yake begani. "Mimi nachimba mnavyonilipa kuchimba."

Nilimpigia Mzee simu, naye alikuwa Malindi akitafuta saruji. Nikamweleza. Akauliza tumebakiza kiasi gani, nikamwambia nusu mita, kuzunguka jengo zima isipokuwa pembe moja. Hesabu ya siku ilikuwa imeshaanza kumwendea vibaya tangu ile springi.

"Panagonga?" akauliza.

"Panagonga sana, Mzee."

"Basi."

Kwa kawaida zege la msingi halimwagwi kabla injinia hajashuka mtaroni na kupima kwa macho yake. Injinia wetu alikuwa na kazi nyingine Mombasa na njia ilikuwa ndefu. Akamwambia Mzee ampelekee picha. Mzee akaniambia nipige picha ya tepu ikiwa imesimama mtaroni. Nilishuka kwenye pembe ya mashariki, ile tuliyoichimba kikamilifu, nikasimamisha tepu, nikapiga. Mita moja na nusu ilisomeka vizuri. Jibu likarudi baada ya saa moja: endeleeni.

Hakuna aliyeniambia nichague pembe ile.

Tulijenga mpaka Oktoba. Mvua za masika zilikuja na kwenda, kuta zikapanda zikiwa zimenyooka, na tulipomaliza ilikuwa wodi nzuri. Nasema hivyo bila aibu. Ilikuwa na vitanda sita, chumba cha kuzalia chenye vigae hadi usawa wa kifua, na madirisha mapana upande wa upepo. Sista aliyesimamia zahanati, Mpokomo aliyezaliwa si mbali na hapo, alipita chumba hadi chumba siku ya kukabidhi, akifungua bomba na kulifunga, akifungua na kulifunga. Kwa miaka tisa alikuwa akizalisha wanawake kwenye chumba cha zamani cha nyuma, chenye paa la mabati yaliyotoboka na sakafu ambayo maji yalipita chini yake kila mvua kubwa.

"Fundi," akaniambia, "nikifa nizikwe humu ndani."

Injinia alitia sahihi cheti cha kukamilika. Tangu siku hiyo ilianza miezi sita ya dhamana. Kwa wasiojua kazi hii, maana yake ni kwamba kasoro yoyote itakayojitokeza ndani ya miezi hiyo kwa sababu ya ujenzi mbaya, mkandarasi anarudi kuirekebisha kwa gharama yake. Ili asitoroke, wenye jengo hushikilia sehemu ya malipo yake. Nusu ya hiyo humrudishia siku ya kukabidhi, na nusu nyingine baada ya miezi sita, injinia akisharidhika kwamba kasoro zote zimetengenezwa. Lakini kama kasoro imetokana na ramani yenyewe, si kosa la mkandarasi, na wenye jengo hujilipia.

Mzee hakutaka kusafiri toka Thika kila kitasa kikikwama. Akaniacha Garsen niwe mlinzi wa miezi hiyo sita. Nilipewa ufunguo wa akiba, sanduku la vifaa na mshahara nusu.

Sijawahi kukaa karibu na jengo nililolijenga. Nimejenga Kitale, Nakuru, Voi na Mtito Andei, na kila mahali niliondoka rangi ikinukia bado. Pale nilipanga chumba nyuma ya duka mjini. Asubuhi nilitembea hadi zahanati, nikabana bawaba, nikapaka mafuta kitasa, nikakaa kibarazani na wanaume waliongoja wake zao. Waorma, wafugaji wa huko, walinifundisha kunywa chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Jioni nilirudi nikipita kando ya mashamba, moshi ukinyanyuka upande wa mtoni. Nilianza kufikiri kwamba labda mtu anaweza kuacha kuzurura. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu.

Ufa wa kwanza niliuona Januari. Ulianza kwenye kona ya chini ya dirisha la mashariki ukashuka kwa mshazari kuelekea sakafuni, mwembamba kama uzi. Niliuziba kwa plasta, nikapaka rangi. Baada ya siku kumi ulirudi, safari hii ukiwa na mwenzake juu ya dirisha. Februari sarafu ya shilingi moja iliingia ndani yake ikasimama. Mlango wa chumba cha kuzalia ulianza kugoma kufunga.

Nilijua. Kila aliyewahi kuweka tofali juu ya tofali anajua ufa wa plasta, ambao husambaa kama nyavu na hauendi popote, na ufa wa msingi, ambao huenda mshazari na una upande mmoja mpana kuliko mwingine. Ile pembe ya mashariki tuliyoichimba vizuri ilikuwa imesimama palepale. Jengo lingine lote lilikuwa likishuka polepole, udongo ulivyozidi kukauka na kunywea chini yake. Ukuta ulijigawa hapo hapo, mita mbili kutoka mahali nilipopiga picha.

Sista ndiye aliyempigia injinia. Alikuja baada ya wiki moja, mwanamume mnene mwenye upole, akitoka jasho. Alipitisha kidole chake juu ya ufa wote. Mzee naye alikuwa amefika.

"Plasta imekauka haraka," Mzee akasema. "Joto la huku, Injinia. Tutajaza, tutapaka rangi, kwisha."

"Huenda," injinia akasema. "Kwanza nataka kujua kama ufa bado unatembea."

Akamwomba Sista vioo vyembamba. Sista akamletea slaidi za kupimia malaria, zile zinazowekwa tone la damu, akahesabu sita kutoka kwenye kisanduku. Injinia alizibandika kukatiza nyufa, kila moja ikiwa na bonge la plasta huku na huku, na katika plasta mbichi akaandika tarehe kwa msumari. Ni njia ya zamani na haidanganyi. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinapasuka.

"Nitarudi Aprili, kabla miezi sita haijaisha," akasema. "Vikiwa vizima, ni plasta. Vikivunjika, tutaongea mengine. Mpaka hapo, Sista, ondoa vitanda."

Sista akahamisha vitanda siku hiyo hiyo, akarudi kwenye chumba cha nyuma.

Machi ulikuwa mwezi wa joto lisilopumua. Nilikwenda wodini kila asubuhi kuangalia slaidi, na tarehe kumi na kitu nikakuta mbili za upande wa mashariki zimepasuka, kila moja kwa mstari safi katikati. Nilimpigia Mzee.

"Ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Nani ameona?"

"Mimi."

Nilisikia akivuta kiti, akikaa. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniambia kwamba amekopa kwa kazi hii, kwamba akiambiwa avunje msingi na kuujenga upya kwa chini hatasimama tena. Akasema mvua zikianza udongo utavimba, nyufa zitajifunga zenyewe, injinia akija hataona kitu. Kinachohitajika ni kufika Aprili.

"Ulikuwa unabeba mawe Kitale," akasema. "Ni nani alikupa mwiko?"

"Ni wewe, Mzee."

"Sijakuomba kitu hata siku moja."

Siku iliyofuata Sista alipokwenda Garsen kuchukua dawa, niliingia chumba cha vipimo nikatoa slaidi mbili kwenye kisanduku. Nilibandua zile zilizovunjika, nikabandika mpya, nikachora kwa msumari ile tarehe ya Februari, nikiiga mwandiko wa injinia. Plasta mpya niliisugua kwa vumbi la sakafuni ili ifanane na ya zamani. Ncha moja ya kila kioo niliiacha ilegee ndani ya plasta, ili ukuta ukijifunga kisipasuke. Ilikuwa kazi nadhifu. Vipande vya kioo nilivitupa chooni.

Siku mbili baadaye Sista alinikuta kibarazani.

"Fundi, una homa?"

"Sina."

"Nilidhani umejipima malaria. Slaidi zangu zimepungua mbili." Alinitazama kidogo, kisha akaingia ndani. Nilibaki nimeshika bisibisi ambayo sikuwa na kazi nayo.

Hakusema tena. Nadhani hakutaka kujua. Wodi ile aliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mtu yeyote duniani.

Mvua ilianza mapema Aprili. Wiki ya kwanza aliletwa mwanamke kutoka Hewani, uchungu ukiwa wa siku ya pili, amefungwa kwenye kiti nyuma ya pikipiki. Maji yalikuwa yameshaanza kupita kwenye sakafu ya chumba cha nyuma. Mimi na mume wake tulishika turubai juu ya kitanda, kwa sababu paa lilivuja palepale, huku Sista akifanya kazi akiwa amepiga magoti majini. Alikuwa akiongea na yule mama wakati wote, kwa Kipokomo, sauti ya chini isiyopanda. Mtoto alizaliwa mchana na hakulia. Sista alimhangaikia muda mrefu, kisha akaacha.

Baadaye nilimkuta akiosha mikono bombani, lile bomba la wodi mpya, mlango ukiwa wazi nyuma yake.

"Angekufa hata humu?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Hilo ndilo baya. Humu ndani kuna mwanga na nafasi ya kugeuka. Huenda angekufa. Sijui." Akafunga bomba. "Huyo injinia wako aje haraka. Nataka wodi yangu."

Kwa hiyo nilikuwa nimejifunga mwenyewe kotekote. Nikinyamaza, wodi ingefunguliwa, na wanawake wangetoka kwenye maji ya chumba cha nyuma. Ingefunguliwa na ukuta uliokuwa umesimama juu ya udongo unaovimba na kunywea, mwaka hadi mwaka, na lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, yenye tani zake juu ya vitanda. Nikisema, ingefungwa, na hakuna ajuaye kwa muda gani.

Injinia alifika zikiwa zimebaki siku tano. Mzee alikuwa naye, amevaa koti. Mvua ya wiki mbili ilikuwa imefanya kama alivyotabiri. Nyufa za upande wa mashariki zilikuwa zimebana, nyingine hazikuonekana mpaka uzitafute kwa mkono. Slaidi zote sita zilikuwa nzima. Injinia alizipitia moja moja, akisoma tarehe kwa sauti, akiweka alama ya vyema kwenye karatasi yake. Uso wake ulikuwa ukipumzika kila alama. Nadhani naye alikuwa akiikumbuka ile picha, na alikuwa akitamani kuamini kama sisi wengine.

"Vizuri," akasema mwisho. "Plasta. Mzee, jaza nyufa, paka rangi, nitatia sahihi."

Mzee alipumua. Hakunitazama.

"Kwa hivyo naweza kurudisha vitanda?" Sista akauliza.

"Hata leo, Sista."

Alikuwa ameshajiandaa. Kitanda cha kwanza kilikuwa mlangoni, magurudumu yake yameoshwa. Alikisukuma hadi katikati ya wodi, kisha akasimama, akanigeukia.

"Fundi. Wewe ndiye umejenga. Niambie nikiweke wapi."

"Popote," Mzee akasema.

"Namuuliza fundi. Kuna mama wa Tarasaa nje, amefika asubuhi. Nimlaze wapi? Hapa?" Akakisukuma hadi chini ya dirisha la mashariki. "Hapa chini ya dirisha, kwa sababu ya upepo. Sema ndiyo nimlete."

Ilikuwa sentensi ya neno moja. Niliitafuta mdomoni.

"Sio hapo," nikasema.

"Basi wapi?"

"Sista, usimlete humu." Kisha nikamwambia injinia, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Slaidi mbili zilivunjika Machi. Hizi nimeweka mimi. Na msingi haujafika. Ni pembe hii tu imefika."

Mzee alisema jina langu, taratibu, kama mtu anayemwita mwingine asikanyage kitu.

"Haujafika vipi?" injinia akauliza. "Niliona picha."

"Uliona pembe."

Nje yule mama wa Tarasaa alikohoa. Injinia alikunja karatasi yake yenye alama sita za vyema, akaiweka mfukoni, akatoa nyingine nyeupe.

"Chimba," akasema. "Hapa nje, katikati ya ukuta. Kama umesema uongo, gharama ya shimo ni yetu. Kama ni kweli, ni ya mkandarasi."

Nilichimba mwenyewe. Udongo sasa ulikuwa laini, unanata kwenye jembe, na maji yalichuruzika kutoka kando za shimo. Mzee alisimama chini ya paa na koti lake. Nilipofika chini ya zege la msingi, injinia alishuka kwa viatu vyake vya mjini, akasimamisha tepu. Ilisoma mita moja na sentimita nne. Chini ya zege akachomeka kidole kwenye ule "mwamba" wangu, nacho kikazama hadi kifundo cha pili. Alikitoa, akakitazama, akakipangusa kwenye suruali.

"Na mimi nilitia sahihi," akasema. Alikuwa akijisemea.

Notisi ya kasoro aliiandika pale pale kwenye benchi la wagonjwa, nakala mbili: nyufa, mlango, kina cha msingi kisicholingana na ramani, mkandarasi atakiwe kuimarisha msingi kwa chini, sehemu moja baada ya nyingine ukuta usianguke. Aliandika saa. Mzee akatia sahihi kuwa ameipokea. Ilikuwa ndani ya muda, kwa siku tano.

Kabla hajapanda gari Mzee alinijia. Nilikuwa nikiosha jembe.

"Ungeniambia jana," akasema. "Jana usiku ungenipigia, ukaniambia nitasema. Ningejua nakuja peke yangu, bila mtu upande wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba jana nilikuwa sijui kama nitasema. Hakungoja.

Hakurudi kuimarisha msingi. Aliandika barua kusema udongo ule haukuwahi kupimwa kabla ya kuchora, kwamba hata mita moja na nusu isingetosha, na kwamba kosa ni la ramani. Injinia aliponisomea barua hiyo kwenye simu alikiri kwamba kuhusu kupima udongo Mzee hakusema uongo. Lakini kina kilikuwa kwenye ramani na hakikuchimbwa, na hilo halikuwa na jibu. Wafadhili wakazuia malipo yaliyobaki wamlipe mkandarasi mwingine. Mkandarasi mwingine akaja, akapima, akazunguka jengo mara mbili, akasema kilichozuiwa kinatosha upande mmoja tu, na upande mmoja hauna faida. Akaondoka. Wafadhili wakasema watatafuta. Wodi ikafungwa kwa kufuli, na juu ya mlango Sista akabandika karatasi: hatari, usiingie.

Niliandika maelezo yangu kurasa tatu, pamoja na habari ya picha na ya vioo, nikatia sahihi. Baada ya hapo hakuna mkandarasi wa pwani aliyenipokea simu. Nilibaki wiki kadhaa nikiziba paa la chumba cha nyuma kwa mabati ya kuokota. Siku moja nilimwambia Sista kwamba naweza kuchimba chini ya msingi mwenyewe, kidogo kidogo, bure, nikipata saruji tu.

Alikuwa akikunja vitambaa. Hakuinua macho.

"Utachimba kwa kipimo gani?" akauliza.

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa ameanza kuumwa lini. Nikaona kwamba sina kazi nyingine hapo.

Siku niliyoondoka mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Nilipita zahanati kurudisha ufunguo wa akiba. Sista alikuwa ndani ya chumba cha nyuma na mgonjwa, nikamsikia akiongea kwa ile sauti ya chini. Sikumkatiza. Niliuweka ufunguo dirishani, juu ya kisanduku cha slaidi.

Kwenye kibaraza cha wodi mpya alikuwa amesimama mfugaji mmoja wa Kiorma, kijana, kikoi kimelowa hadi magotini. Mkewe ndiye aliyekuwa ndani. Alikuwa ameisoma ile karatasi, au ameitazama tu.

"Fundi," akaniita. Wote pale walinijua kwa jina hilo. "Hii nyumba iko mzima. Wanafunga kwa nini? Bibi yangu iko kwa maji huko."

"Ina nyufa," nikasema.

"Wapi?"

Nilimpeleka hadi dirisha la mashariki kumwonyesha. Nilipitisha kidole chini ya kona, mahali ambapo Februari sarafu ilisimama. Ukuta ulikuwa umefunga. Nilijaribu ukucha, haukuingia. Rangi ilikuwa na mstari mdogo tu, ambao ungedhani umechorwa na brashi. Slaidi zangu mbili zilikuwa bado zimebandikwa, nzima, zikiwa na tarehe ya uongo.

"Zilikuwa hapa," nikasema. "Kiangazi zitarudi."

Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, begi langu begani. Kisha akarudi kibarazani, akauegemea ukuta kwa mgongo wake wote ili apishe matone, akaendelea kungoja. Barabarani lori la ng'ombe lililokuwa likielekea Malindi lilikuwa limesimama, dereva akipangusa kioo. Aliniambia kuna nafasi kabini. Nikapanda kabini.